Espreso inayotoka mbio au inayokwama: shida mara nyingi iko kwenye mkono, haiko kwenye kinu

Katika mikahawa ya Goma, Bukavu na Butembo yenye mashini ya espreso, wanaotengeneza kahawa wanakutana na shida mbili. Siku moja kahawa inatoka mbio mbio kama maji ya bomba, inajaza kikombe kwa sekunde 12, iko nyepesi na chachu. Siku ingine mashini inanguruma lakini hakuna kitu kinachotoka, ama yanatoka matone meusi moja moja mpaka mteja anachoka kungoja. Watu wengi wanakimbilia kinu cha kusagia kahawa: wanazungusha upande huu, kahawa inakwama, wanarudisha upande ule, inatoka mbio tena. Mwishowe lawama inaangukia kahawa yenyewe. Mteja anasema kahawa ya Kivu iko chachu, au iko chungu, kumbe mkulima wa Kalehe au wa Idjwi hana kosa lolote.

Mchezo huo unakula pesa. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa inatoa vikombe viwili-viwili mara 55 hivi, kama mtu anatumia grama 18 kila mara. Mkahawa unaomwaga majaribio matano kila asubuhi unapoteza grama 90 kwa siku. Katika siku 11 kilo nzima imeenda kwenye ndoo ya takataka bila mteja hata mmoja kuionja.

Makala hii inaeleza namna ya kujua kosa liko wapi kabla ya kugusa kinu. Sehemu kubwa inahusu kazi inayofanyika kati ya kusaga na kubonyeza kitufe: kupanga unga ndani ya kikapu, kuusawazisha na kuushindilia.

Maji yanafanya nini ndani ya mashini

Unga wa kahawa unawekwa ndani ya kikapu kidogo cha chuma chenye matundu chini. Kikapu kinakaa ndani ya mkono wa mashini, ule unaofungwa kwa kuuzungusha chini ya kichwa cha mashini. Unga ukishindiliwa unakuwa kama keki ndogo ya mviringo. Maji ya moto yanasukumwa juu ya keki hiyo kwa presha ya karibu bari 9. Kahawa ya presha namna hii ilianza Italia, kwa mashini za mkono za Achille Gaggia. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ilitoa mashini ya E61, ambayo ilitumia pampu ya umeme kusukuma maji badala ya nguvu za mkono.

Keki ndiyo kizuizi cha maji. Ikiwa unga umesagwa laini sana, nafasi kati ya chembe zinakuwa ndogo na maji yanapita kwa shida. Ukisagwa mkubwa, maji yanapita mbio. Hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni kwamba maji hayana subira: yanatafuta pahali palipo dhaifu. Kama upande mmoja wa keki una unga kidogo, au una ufa, au kuna nafasi kwenye ukingo, maji yote yanakimbilia pale na kuchimba mfereji. Ni sawa na mvua kwenye kilima cha Bukavu. Ikipata udongo uliolegea inachimba korongo, na udongo wa pembeni unabaki mkavu.

Mfereji ukishafunguka, kahawa iliyo karibu nao inaoshwa kupita kiasi na inatoa uchungu. Kahawa iliyo mbali nao haiguswi vya kutosha, na kikombe kinabaki kichachu. Kwa hiyo kikombe kilicho chachu na chungu kwa wakati mmoja, chenye ladha inayokauka mdomoni, ni alama ya kwanza kwamba maji hayakupita sawasawa.

Kipimo cha kuanzia

Bila kipimo hakuna namna ya kujua kama kahawa iko mbio au polepole. Kipimo cha kawaida kwa kikapu cha vikombe viwili ni hiki: grama 18 za unga ziingie, grama 36 za kahawa zitoke, kwa sekunde 25 mpaka 30, zikihesabiwa tangu pampu inapoanza. Matone ya kwanza yanaonekana karibu na sekunde ya 5 mpaka ya 8. Kama kikapu kimeandikwa grama 16 au 20, kiasi cha unga kifuate kikapu, na kahawa inayotoka ibaki mara mbili ya unga.

Hii haiko sheria. Kuna kahawa inayopendeza kwa sekunde 22, na ingine kwa sekunde 34. Kazi ya kipimo ni kumpa mtu pahali pa kusimama ili aone kitu gani kimebadilika. Vyombo vinavyohitajika ni viwili tu: mizani ndogo inayosoma nusu ya kumi ya grama au angalau kumi ya grama, na saa ya kuhesabu sekunde ya simu. Kupima kwa macho hakutoshi, juu povu la espreso linadanganya. Kahawa iliyokaangwa juzi inatoa povu jingi, na kikombe kinaonekana kimejaa wakati kina grama 25 peke yake.

Jaribio la mara tatu

Kabla ya kuzungusha kinu, mtengenezaji anatengeneza espreso tatu mfululizo bila kubadilisha kitu chochote: unga uleule, kinu palepale, mkono uleule. Anaandika sekunde za kila moja mpaka grama 36 zitoke. Jibu liko katika namba hizo tatu.

Namba zikikaribiana, kwa mfano 16, 17 na 16, keki zinapangwa vizuri. Maji yanapita sawa kila mara, ila unga ni mkubwa. Hapo kinu kinafaa kuguswa: kusaga laini zaidi. Zikiwa 41, 43 na 42, kinu kinarudishwa kidogo kwenye unga mkubwa.

Namba zikitawanyika, kwa mfano 17, 31 na 20, kinu hakina neno la kusema. Unga ni uleule lakini maji yamepata njia tofauti kila mara. Kuzungusha kinu wakati huo ni kutibu ugonjwa ambao haupo. Kosa liko katika kupanga unga, na ndiko kwa kuanzia.

Kuna pia alama za macho. Kahawa ambayo inaanza polepole, kisha ghafla inaongeza mbio na kugeuka nyeupe katikati ya safari, inaonyesha mfereji umefunguka. Mwenye mkono wa mashini ulio wazi chini, bila midomo miwili, anaona vizuri zaidi. Keki nzuri inatoa matone pande zote, kisha yanakutana katikati kuwa uzi mmoja. Keki mbaya inarusha vijito vyembamba pembeni, vinavyochafua mashini na hata shati, na upande mwingine wa kikapu unabaki mkavu.

Kuangalia keki baada ya kazi kunasaidia kidogo tu. Tundu linaloonekana wazi, ama ukingo mmoja ulioliwa, ni ushahidi. Lakini keki yenye maji juu yake peke yake haimaanishi kosa: mashini nyingi ndogo hazina njia ya kutoa presha baada ya kazi, na keki zake zinabaki na tope siku zote.

Kupanga unga: hatua kwa hatua

Kikapu kikauke. Baada ya kumwaga keki ya zamani, kikapu kinapanguswa kwa kitambaa kikavu. Tone la maji pembeni ya kikapu linalowesha unga wa pale, na maji ya mashini yanapata mlango wao wa kwanza.

Unga upimwe. Tofauti ya grama moja inaonekana mdomoni na kwenye saa. Grama 17 zinatoa keki nyembamba inayopitisha maji mbio; grama 19 zinaifanya nene na kupunguza mwendo. Kupima kahawa ikiwa punje, kabla ya kusaga, ni vizuri kama kinu hakibakizi unga mwingi ndani. Kama kinabakiza, unga wenyewe upimwe ndani ya kikapu.

Mabonge yavunjwe. Kinu kinapotoa unga laini, chembe zinashikana kuwa vibonge. Sababu moja ni umeme wa msuguano, ule unaofanya nywele zisimame mtu akivua sweta. Kwa hiyo unga unarukaruka, unanata kwenye kinu na kujikusanya. Njia rahisi ya kuupunguza ni kuchovya mpini wa kijiko majini, kisha kukoroga nao punje kabla ya kusaga. Tone moja au mawili yanatosha kwa grama 18. Mwaka 2023 watafiti, akiwemo mwanakemia Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walionyesha kwamba maji kidogo kwenye punje yanapunguza umeme huo wakati wa kusaga na kufanya unga utoke bila mabonge mengi. Maji yakizidi, kinu kinaweza kushika kutu. Tone lisigeuke kuwa kijiko.

Unga ukorogwe kwa sindano nyembamba. Mwaka 2005 Mmarekani John Weiss alieleza njia ya kukoroga unga ndani ya kikapu kwa sindano ili mabonge yavunjike na unga uenee. Njia hiyo bado inaitwa kwa jina lake. Chombo chake kinauzwa ghali, lakini kinatengenezwa nyumbani: kizibo cha chupa ya divai, na vipande vitano au sita vya waya mwembamba wa gitaa, ule wa nyuzi za juu ambao hauna waya mwingine umezungushiwa. Unene wake uko kati ya robo na karibu nusu ya milimita, na ndio unaofaa. Sindano nene ya kushona haivunji mabonge, inachimba mashimo tu na kuyaacha.

Sindano zinafika chini kabisa ya kikapu kwanza, zikizunguka kwa miduara midogo, kisha zinapanda polepole. Mwisho zinagusa juu tu ili kusawazisha. Kosa la kawaida ni kukoroga juu peke yake: uso unapendeza, lakini chini kuna mabonge na upande mmoja ni mtupu. Sekunde 10 mpaka 15 zinatosha. Kila jioni nyuzi zihesabiwe, juu waya ukikatika na kuingia ndani ya unga unaweza kumuumiza mtu au kuharibu mashini.

Ili unga usimwagike wakati wa kukoroga, pete inawekwa juu ya kikapu. Kipande cha chupa ya plastiki kilichokatwa kwa kipimo cha kikapu kinafanya kazi hiyo bila gharama.

Unga utulizwe. Mkono wa mashini unagongwa mara moja au mbili, wima, juu ya kitambaa kilichokunjwa mezani. Unga unajishusha na mashimo makubwa yanafungika. Hilo linafanyika kabla ya kushindilia. Desturi ya kugonga mkono pembeni kwa kishindilio baada ya kushindilia ni mbaya: inaachanisha keki na ukuta wa kikapu, na maji yanashuka pembeni.

Kushindilia: usawa kuliko nguvu

Wengi wanaamini kwamba kahawa ikitoka mbio dawa ni kushindilia kwa nguvu. Hesabu inaonyesha vingine. Kikapu cha milimita 58 kina uso wa sentimita za mraba 26 hivi. Kwa presha ya bari 9, maji yanaikandamiza keki kwa uzito unaokaribia kilo 240, sawa na karibu mifuko mitano ya simenti ya kilo 50. Mtu akishindilia kwa kilo 15 au kwa kilo 25, mbele ya mzigo huo tofauti ni ndogo. Unga ukishafika pahali haushuki tena, kuongeza nguvu kunachosha kiwiko tu.

Kazi ya kushindilia ni kutoa hewa kati ya chembe na kufanya uso uwe tambarare. Keki iliyoinama ni nyembamba upande mmoja, na maji yatachagua upande ule. Kwa hiyo mtengenezaji anaweka mkono wa mashini ukingoni mwa meza, kiwiko kinakaa juu ya kishindilio, kifundo cha mkono kinyooke. Kidole gumba na cha kwanza vinagusa ukingo wa kikapu pande mbili, ili vidole vyenyewe vimwambie kama kishindilio kimelala upande. Anasukuma chini mpaka unga unagoma, anaachia. Kuzungusha kishindilio mwishoni hakuongezi kitu. Anayetaka kujifunza nguvu ya kilo 15 anaweza kushindilia juu ya mizani ya kupimia watu mara chache, mpaka mwili ukumbuke.

Kipimo cha kishindilio kinahusika. Mashini ndogo za nyumbani zinakuja na kishindilio cha plastiki ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko kikapu. Kinaacha pete ya unga uliolegea ukingoni. Vijito vikitoka siku zote pembeni, na kamwe si katikati, kishindilio hicho ndicho cha kwanza kushukiwa. Fundi wa kuchonga mbao au chuma anaweza kutengeneza kingine kinachoingia kikapuni kikibakiza nafasi isiyozidi nusu milimita.

Baada ya hapo ukingo unapanguswa, mkono unafungwa taratibu bila kugongwa, na maji yanafunguliwa papo hapo. Keki isikae ndani ya kichwa cha moto ikingoja mteja.

Kahawa inapokwama kabisa

Espreso iliyokwama inaleta hatari moja ambayo lazima ijulikane. Presha inabaki ndani ya kichwa cha mashini. Katika mashini isiyo na njia ya kutoa presha, mtu akifungua mkono mara moja, maji na unga wa moto vinaruka usoni na mikononi. Pampu izimwe, na mtu angoje dakika moja au mbili mpaka matone yaache kushuka. Kisha mkono ufunguliwe polepole sana, uso ukiwa mbali.

Sababu ya kwanza ya kukwama ni unga laini kupita kiasi. Ya pili ni unga mwingi kuliko kikapu. Maji yanahitaji nafasi ndogo juu ya keki, ili keki ivimbe kidogo bila kugandamizwa kwenye sahani ya matundu ya kichwa cha mashini. Kuna jaribio rahisi: baada ya kushindilia, kitu kidogo bapa chenye unene wa milimita 2 hivi kinawekwa juu ya keki, mkono unafungwa, kisha unafunguliwa bila kuwasha maji. Nchi zingine wanatumia sarafu. Huku kwetu sarafu hazitumiki, kwa hiyo rondela safi ya fundi inafaa. Ikiwa imezama ndani ya unga, kahawa imezidi. Grama moja ipunguzwe na jaribio lirudiwe.

Sababu ya tatu haihusiani na keki. Sahani ya matundu inaziba kwa mafuta ya kahawa ya zamani, na kitundu kidogo kinachopitisha maji kinaziba kwa chokaa. Jaribio lake ni kuwasha maji bila mkono wa mashini. Maji yakishuka sawa kama mvua nyembamba, kichwa ni kizima. Yakishuka upande mmoja tu, ama kwa matone, hakuna namna ya kupanga unga itakayosaidia. Sahani itolewe na kusafishwa kwanza.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Katika mfano huu, mkahawa mdogo una kinu kimoja na mashini ya kichwa kimoja. Kahawa ni arabika ya Kivu iliyokaangwa siku 9 zilizopita. Asubuhi kahawa inatoka kwa sekunde 14, na kinu kinazungushwa mara tatu kuelekea unga laini. Espreso inayofuata inakwama. Kinu kinarudishwa, na inayofuata inatoka kwa sekunde 18 ikirusha vijito.

Sasa kinu kinaachwa na jaribio la mara tatu linafanyika kwa grama 18: sekunde 17, kisha 31, kisha 20. Namba zimetawanyika. Kikapu kinaangaliwa, na unga unaonekana kuwa mlima upande wa kulia, juu mdomo wa kinu unaumwaga pale. Mtengenezaji alikuwa anaulaza kwa kishindilio tu, na upande wa kulia ukabaki mnene kuliko wa kushoto.

Hatua zote zinafuatwa: kikapu kikavu, tone la maji kwenye punje, sindano kuanzia chini, kugonga mara moja, kushindilia sawa. Mara tatu zingine zinatoa 19, 20 na 19. Kahawa bado iko mbio na chachu, lakini sasa namba zinaelewana, na kinu kinaweza kuulizwa. Kinazungushwa alama moja kuelekea unga laini. Grama chache za kwanza zinazotoka zinatupwa, maana ndani ya kinu mnabaki unga wa zamani. Asiyezitupa anaonja mchanganyiko na kudhani kinu hakikubadilika. Espreso inatoka kwa sekunde 24. Alama moja tena, 28. Kikombe kina utamu, uchachu kidogo wa matunda, na hakikaushi mdomo. Hapo kinu kinaachwa.

Kama mtu angeendelea, alama mbili zingine zingeleta kitu cha ajabu. Espreso moja ingechukua sekunde 40, na inayofuata ingetoka kwa 22 ikirusha vijito. Unga laini sana unaziba sehemu za keki, presha inatafuta ufa, na maji yanapita pale peke yake. Mwaka 2020 kundi la watafiti, naye Hendon akiwemo, lilichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kusaga laini kupita kiwango fulani kunapunguza kile maji yanachochota kwenye kahawa badala ya kukiongeza, juu maji hayapiti sawa. Kwa hiyo kahawa inayotoka mbio wakati mwingine inaomba unga mkubwa zaidi. Anayetazama saa peke yake atasaga laini zaidi na kuongeza kosa.

Pale ambapo mkono hauna kosa

Kuna siku kila kitu kinapangwa vizuri na bado kahawa inabadilika. Umri wa kahawa ni sababu kubwa. Iliyokaangwa jana imejaa gesi. Gesi inasukuma maji huku na huku, povu ni jingi na mwendo hautabiriki. Kuiacha ipumzike wiki moja hivi kunaituliza. Iliyokaa mwezi mmoja au zaidi kwenye mfuko uliofunguliwa imepoteza gesi hiyo, na maji yanapita mbio zaidi kila siku. Kusaga laini kunarudisha mwendo, lakini hakurudishi harufu.

Kubadilisha mfuko ni kuanza upya. Kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu, na mara nyingi inataka kusagwa laini kuliko ile nyeusi. Meno ya kinu yaliyochakaa nayo yanatoa vumbi na vipande vikubwa pamoja: vumbi linaziba, vipande vinapitisha maji. Namba zikitawanyika hata baada ya kupanga unga kwa makini, meno yaangaliwe. Kinu cha visu vinavyozunguka, kile cha kusagia viungo vya jikoni, hakitafaa kwa espreso hata mtu apange unga namna gani.

Umeme pia unahusika. Mashini nyingi ndogo zina pampu ya kutetemeka, ambayo nguvu yake inashuka wakati umeme uko chini. Maji yanapoa, presha inapungua, na kahawa inakuja polepole bila kinu kuwa na kosa. Dalili yake ni sauti ya pampu kubadilika, na sindano ya kipimo cha presha kutofika pahali pake pa kawaida. Asiyeangalia hilo anarudisha kinu kwenye unga mkubwa jioni umeme ukiwa dhaifu. Kesho yake asubuhi, umeme umerudi vizuri, kahawa inatoka mbio, na mchezo wa kuzungusha kinu unaanza upya.

Daftari moja karibu na mashini linaondoa sehemu kubwa ya kubahatisha. Kila asubuhi zinaandikwa namba nne: siku tangu kahawa ikaangwe, grama za unga, grama za kahawa iliyotoka, na sekunde. Pembeni linaongezwa neno moja la ladha: chachu, tamu au chungu. Namba zikihama polepole siku baada ya siku, kahawa inazeeka, na kinu kifuate. Zikiruka huku na huku ndani ya saa moja, kinu kiachwe, na kikapu kiangaliwe kabla ya kushindilia.